Mwinamo wa Mashine na Mteremko wa Mlima: Ulinganisho wa Juhudi na Mzigo wa Viungo kati ya Mbio za Mashine na Mbio za Nje katika Mazingira ya Same na Milima ya Upare

1.0 Utangulizi

Makala hii inafafanua tofauti kati ya kukimbia juu ya mashine ya kukimbilia, ambayo katika kumbi za mazoezi huitwa pia tredimili, na kukimbia nje, kwa kurejelea mazingira ya Wilaya ya Same na Milima ya Upare mkoani Kilimanjaro. Swali linaloongoza ufafanuzi huu ni moja: mkimbiaji anapoiinua mashine kwa mwinamo fulani, ni kitu gani hasa anachokisawazisha na mbio za nje? Hoja inayotetewa ni kwamba mwinamo wa mashine unaweza kusawazisha matumizi ya nishati kwa kiwango cha kuridhisha, lakini hausawazishi mzigo unaobebwa na viungo. Sababu ni kwamba mlimani sehemu nzito ya mzigo huo hutokea wakati wa kushuka, na mashine nyingi zinaweza kupanda tu.

Same ni mahali panapofaa kwa ufafanuzi wa namna hii. Mji wenyewe uko uwandani, kwenye mwinuko unaozidi kidogo mita 850 kutoka usawa wa bahari, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Pembeni mwa uwanda huo imesimama safu ya Upare Kusini, ambayo kilele chake cha Shengena, ndani ya msitu wa hifadhi wa Chome, hufikia mita 2,462. Mkimbiaji anayeanzia mjini anaweza kuchagua njia za uwandani kuelekea upande wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, au barabara zinazopanda milimani kuelekea Mwembe na Mbaga. Kwa hiyo hali mbili ambazo mashine hudaiwa kuziiga, yaani tambarare na mpando, zinapatikana hapa kwa karibu, pamoja na hali ya tatu ambayo mashine huiacha, yaani mteremko.

Suala hili lina athari kwa watu halisi. Mwanariadha anayefanya mazoezi yote kwenye mashine jijini Dar es Salaam, kisha akaenda kukimbia Upareni, anaweza kuwa na mapafu na moyo ulio tayari huku mapaja yake hayako tayari. Mtu anayeuguza goti anaweza kuambiwa arudi barabarani kwa kigezo cha kilomita alizozimudu kwenye mashine. Mtafiti naye anaweza kutumia kipimo cha mashine kutabiri ufanisi wa mlimani bila kueleza kipimo hicho kimeacha nini.

2.0 Je, Mkanda wa Mashine Humsaidia Mkimbiaji?

Kabla ya kujadili mwinamo, ni muhimu kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba mashine ni rahisi kwa sababu mkanda humvutia mkimbiaji mguu nyuma, hivyo yeye hubaki na kazi ya kuinua miguu tu. Van Ingen Schenau (1980) alionyesha kwamba dhana hii haina msingi wa kimakanika. Iwapo mkanda unakwenda kwa mwendo usiobadilika, nguvu ambazo mkimbiaji anahitaji kuzitoa dhidi ya mkanda ni zilezile ambazo angezihitaji dhidi ya ardhi iliyotulia. Jambo hili linaweza kueleweka kwa kumfikiria abiria anayetembea ndani ya treni inayokwenda kwa mwendo mmoja: hatua zake hazijui kama treni inakwenda au imesimama.

Maelezo hayohayo yanahusu mwinamo. Mkimbiaji aliye juu ya mashine iliyoinuliwa haendi juu ukimtazama kutoka ukumbini, na baadhi ya watu huhitimisha kwamba hafanyi kazi dhidi ya mvutano wa dunia. Hitimisho hilo si sahihi. Mkanda humshusha kila wakati, na ili abaki mahali pale pale hana budi kujiinua kwa kiasi kilekile. Kwa hesabu ya misuli, mpando wa mashine ni mpando wa kweli.

Hata hivyo, sharti la mwendo usiobadilika halitimizwi daima. Mguu unapotua, mkanda hupunguzwa kasi kidogo, na mota dhaifu huchelewa kuirudisha. Tofauti hii hutokana na ubora wa mashine, wala si na kukimbia kwenye mashine kwa jumla, na namna ya kuipima imeelezwa katika sehemu ya 6.0. Kwa mashine iliyo nzima, tofauti ya msingi inayobaki katika juhudi ni hewa: mkimbiaji wa nje huipasua hewa, ilhali wa ndani amesimama mahali pamoja na hewa iliyotulia.

3.0 Kanuni ya Asilimia Moja na Mipaka Yake

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mashine iinuliwe kwa asilimia 1 ili ilingane na barabara tambarare. Ushauri huu umetokana na utafiti wa Jones na Doust (1996), ambao walipima oksijeni iliyotumiwa na wakimbiaji 9 waliozoea mazoezi, barabarani na kwenye mashine, kwa kasi za kati ya takribani kilomita 10.5 na 18 kwa saa. Mwinamo wa asilimia 1 ndio uliokaribiana zaidi na matokeo ya barabarani. Utafiti huo ulikuwa makini, lakini matumizi yake yamepanuliwa kupita mipaka yake.

Mpaka wa kwanza ni kasi. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo mkimbiaji wa polepole hukutana na ukinzani mdogo sana. Tumchukue mkimbiaji mwenye uzito wa kilogramu 60 akiwa katika uwanda wa Same, ambako kwa sababu ya mwinuko na joto densiti ya hewa hukadiriwa kuwa kilogramu 1.05 kwa mita ya ujazo, kiwango ambacho ni pungufu kuliko cha pwani. Tukichukua eneo lake la ukinzani kuwa mita za mraba 0.45, nguvu ya hewa anapokimbia kilomita 18 kwa saa ni karibu nyutoni 5.9, sawa na mwinamo wa asilimia 1. Akikimbia kilomita 12 kwa saa, nguvu hiyo hushuka hadi nyutoni 2.6, sawa na mwinamo wa asilimia 0.45. Akikimbia kilomita 9 kwa saa, inalingana na mwinamo wa asilimia 0.25 tu. Haya ni makadirio ya kimakanika, wala si vipimo vya maabara, lakini yanaonyesha mwelekeo bila utata: kwa mkimbiaji wa kawaida, asilimia 1 huzidisha fidia badala ya kuisawazisha.

Mpaka wa pili ni upepo. Kanuni ya asilimia 1 inachukulia kwamba hewa ya nje imetulia. Mkimbiaji wetu wa kilomita 12 kwa saa akikabiliwa na upepo wa mita 3 kwa sekunde kutoka mbele, nguvu ya hewa hupanda hadi karibu nyutoni 9.5, sawa na mwinamo wa asilimia 1.6. Upepo huohuo ukimtoka nyuma, ukinzani unakaribia kutoweka. Uwandani, basi, mwelekeo wa upepo huweza kuleta tofauti kubwa kuliko ile iliyokusudiwa kurekebishwa na mwinamo.

Mpaka wa tatu unahusu joto. Hewa inayompita mkimbiaji wa nje huondoa jasho na kuupoza mwili. Ndani ya ukumbi usio na feni, jasho hudondoka bila kukauka, joto la mwili hupanda, na mapigo ya moyo huongezeka kadiri dakika zinavyopita ingawa kasi haijabadilika. Ndiyo sababu mtu anaweza kuhisi mashine ni ngumu kuliko barabara hata pale matumizi ya oksijeni yanapolingana. Kinyume chake hutokea Same mchana wa jua kali, ambapo joto la nje hushinda faida ya upepo. Mtafiti anayetumia mapigo ya moyo kama kigezo pekee cha juhudi anapaswa kueleza hali ya hewa ya pande zote mbili, la sivyo atakuwa amelinganisha joto badala ya mbio.

4.0 Mpando na Mteremko: Hesabu ya Nishati

Mkimbiaji akiacha uwanda na kuanza kupanda, hewa hupoteza umuhimu na mwinamo hutawala. Minetti na wenzake (2002) walipima gharama ya nishati kwa wakimbiaji 10 wa milimani, kwenye mashine, kuanzia mteremko wa asilimia 45 hadi mpando wa asilimia 45. Matokeo ya mbio waliyaeleza kwa fomula ifuatayo, ambamo C ni jouli kwa kila kilogramu kwa kila mita, na i ni mwinamo ulioandikwa kwa desimali:

```
C = 155.4i^5 - 30.4i^4 - 43.3i^3 + 46.3i^2 + 19.5i + 3.6
```

Tuitumie fomula hii kwa njia ya mfano: barabara ya mlima yenye urefu wa kilomita 6 inayopanda mita 480, yaani mwinamo wa wastani wa asilimia 8, ambayo mkimbiaji anaipanda na kuishuka. Kwenye tambarare gharama ni jouli 3.6. Katika kupanda ni 5.4, yaani mara moja na nusu ya tambarare. Katika kushuka ni 2.4, takribani theluthi mbili ya tambarare. Kwa mkimbiaji wa kilogramu 60, kupanda kunagharimu karibu kilojouli 1,950 na kushuka karibu kilojouli 850. Jumla ni kilojouli 2,800, ilhali kilomita 12 za tambarare zingegharimu karibu kilojouli 2,600. Safari nzima ya mlimani imezidi tambarare kwa asilimia 8 tu.

Sasa tuulize: ni mwinamo gani wa mashine, ukishikiliwa bila kubadilishwa kwa kilomita 12, ungetoa gharama hiyohiyo? Fomula inatoa jibu la takribani asilimia 1.5. Mkimbiaji anaweza, basi, kusimama katika ukumbi wa Dar es Salaam, akaiweka mashine kwenye asilimia 1.5, akakimbia kilomita 12, na kwa hesabu ya nishati akawa amekwenda mlimani na kurudi. Hapa ndipo penye hatari ya kufasiri vibaya, kwa kuwa hesabu hiyo ni sahihi na bado haijaeleza lolote kuhusu miguu.

Ikumbukwe pia kwamba hesabu hiyo haihusishi upungufu wa oksijeni. Kadiri mkimbiaji anavyopanda kuelekea maeneo ya juu ya Upare, shinikizo la hewa hupungua, na karibu na kilele cha Shengena hupungua kwa takribani robo likilinganishwa na pwani. Gharama ya kila mita haibadiliki sana, bali uwezo wa mwili wa kuilipa hupungua. Mashine iliyoko usawa wa bahari haiwezi kuiga jambo hili kwa mwinamo wowote.

5.0 Mzigo wa Viungo: Kile Ambacho Nishati Haionyeshi

Gottschall na Kram (2005) walipima nguvu za mguu kutua katika miinamo mbalimbali kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde. Katika mteremko wa digrii 9, kilele cha nguvu ya mgongano wa mguu kiliongezeka kwa asilimia 54 kikilinganishwa na tambarare, na nguvu ya kujizuia kwenda mbele iliongezeka kwa asilimia 73. Katika mpando wa digrii 9, kilele cha mgongano kilitoweka kabisa, huku nguvu ya kujisukuma ikiongezeka kwa asilimia 75. Digrii 9 ni sawa na asilimia 16 hivi, yaani karibu mara mbili ya barabara ya mfano wetu, kwa hiyo ongezeko katika asilimia 8 ni dogo kuliko hilo. Mwelekeo, hata hivyo, ni uleule.

Ukiyaweka matokeo haya kando ya yale ya Minetti, unaona kwamba nishati na mgongano huenda pande mbili tofauti. Kupanda kunagharimu nishati nyingi na mgongano kidogo. Kushuka kunagharimu nishati kidogo na mgongano mwingi. Hivyo mkimbiaji anayeshuka hupumua kwa raha na kuamini kwamba anapumzika, ilhali hicho ndicho kipindi ambacho magoti yake yanafanya kazi nzito zaidi.

Kazi hiyo hufanywa hasa na msuli wa mbele wa paja. Mguu unapotua kwenye mteremko, goti hukunjika na msuli huo hulazimika kukaza huku ukivutwa na kurefuka, ili mwili usiporomoke. Ukazaji wa namna hii huchana nyuzi ndogo za msuli kuliko ukazaji wa kupanda, na huligandamiza pia fupa la goti dhidi ya gegedu lililo nyuma yake. Katika mfano wetu, mkimbiaji anayeshuka kilomita 6 kwa kilomita 12 kwa saa na hatua 170 kwa dakika hupiga hatua 5,100, yaani 2,550 kwa kila mguu. Kwenye mashine ya asilimia 1.5, idadi ya hatua za namna hiyo ni sifuri.

Haimaanishi kwamba mashine haina mzigo wake. Willy na wenzake (2016) walilinganisha mbio za mashine na za ardhini kwa wakimbiaji walewale. Mzigo wa fupa la goti haukutofautiana kwa maana, lakini mzigo wa kano ya kisigino ulikuwa mkubwa kwenye mashine kwa zaidi ya asilimia 10. Mwinamo huongeza mzigo huo, kwa sababu kisigino hutua chini ya usawa wa vidole na kano huvutwa zaidi kabla ya kusukuma. Kwa hiyo ushauri wa jumla kwamba mashine ni salama kwa viungo hauwezi kukubaliwa bila kutaja kiungo. Mwenye maumivu ya mbele ya goti hupata nafuu anapokimbia kwenye mpando wa wastani wa mashine. Mwenye maumivu ya kano ya kisigino huongezewa mzigo na mashine hiyohiyo.

Dalili husaidia kutofautisha hali hizi. Maumivu ya mapaja yanayoanza siku moja baada ya mbio, yakafikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kuhisiwa zaidi wakati wa kushuka ngazi, ni matokeo ya kawaida ya mteremko ambao msuli haukuuzoea. Maumivu ya nyuma ya kisigino yanayokuwa makali asubuhi, katika hatua za kwanza baada ya kuamka, huweza kuelekeza kwenye kano. Maumivu ya goti yanayoambatana na uvimbe au yanayoendelea zaidi ya siku chache hayapaswi kuhesabiwa kuwa uchovu wa misuli, na yanahitaji uchunguzi wa mtaalamu wa afya.

6.0 Kuhakiki Mashine kabla ya Kuamini Namba Zake

Ulinganisho wowote utakuwa batili ikiwa namba za kioo cha mashine si za kweli. Ukaguzi wa aina mbili unatosha, na hauhitaji vifaa vya gharama.

Wa kwanza ni wa mwinamo. Kwanza, mashine ikiwa kwenye sifuri, pimamaji ya fundi iwekwe juu ya mkanda kuhakikisha kwamba sakafu yenyewe haina mwinamo. Kisha mashine iinuliwe hadi asilimia 8, na urefu wa kutoka sakafuni hadi kwenye kitanda cha mkanda upimwe sehemu mbili zilizoachana sentimita 100. Tofauti ya urefu inapaswa kuwa sentimita 8. Ikiwa ni sentimita 6, mwinamo wa kweli ni asilimia 6. Izingatiwe pia kwamba asilimia si digrii: asilimia 8 ni digrii 4.6 tu, na kuchanganya vipimo hivi viwili huharibu ulinganisho wa tafiti.

Wa pili ni wa kasi. Urefu wa mkanda mzima upimwe, alama ya chaki iwekwe juu yake, na mizunguko 20 ihesabiwe kwa saa ya kupimia muda huku mtu akiwa anakimbia. Mkanda wa mita 3 utakuwa umekwenda mita 60, na kwa kilomita 12 kwa saa unapaswa kutumia sekunde 18. Ukitumia sekunde 20, kasi ya kweli ni kilomita 10.8 kwa saa. Ni lazima mtu awe juu ya mkanda, kwa sababu mota dhaifu huonyesha kasi sahihi ikiwa haina mzigo na kuipoteza mara mguu unapotua. Aidha, mkimbiaji asishike vishikio. Anayevishika kwenye mpando huhamishia mikononi sehemu ya uzito wake, na hesabu yote ya sehemu ya 4.0 haimhusu tena.

7.0 Athari kwa Mazoezi na kwa Utafiti

Kutokana na ufafanuzi huu, mkimbiaji anayejiandaa kwa njia ya mlima anaweza kuitumia mashine kwa kupanda bila wasiwasi, kwa mwinamo unaolingana na njia yake na kwa kasi ya mlimani badala ya kasi ya tambarare. Kushuka lazima akutafute nje. Faida mojawapo ya msuli ni kwamba mteremko mfupi wa mara ya kwanza huulinda dhidi ya madhara ya mteremko unaofuata, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Hivyo mkimbiaji wa mfano wetu anaweza kuanza kwa kushuka kilomita 1 taratibu, akasubiri maumivu yaishe, kisha akaongeza urefu kabla ya kuongeza kasi. Aliyeko mahali pa tambarare anaweza kutumia daraja la barabarani au ngazi za jengo kwa kushuka kwa hatua za kudhibitiwa, ingawa huo ni mbadala usiokamilika. Kuinua miguu ya nyuma ya mashine kwa matofali ili ishuke hakupendekezwi, kwani mashine inaweza kuyumba na uzito wa mkimbiaji huusukuma mkanda kupita udhibiti wa mota.

Kwa mtafiti, jambo la msingi ni kueleza ni kipi kinacholinganishwa. Anayechunguza matumizi ya oksijeni kwenye tambarare achague mwinamo kwa kuzingatia kasi ya washiriki wake, badala ya kurithi asilimia 1. Anayechunguza majeraha aripoti mita za kupanda na mita za kushuka kila moja kwa safu yake, kwa sababu jumla ya kilomita, na hata jumla ya nishati, huficha tofauti inayotafutwa.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba mashine iliyohakikiwa huiga kwa uaminifu kazi ya kukimbia tambarare na kupanda, na kwamba fidia ya hewa kwa kasi za kawaida ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Imeonyesha pia, kwa mfano wa barabara inayopanda mita 480 kwa kilomita 6, kwamba mwinamo wa asilimia 1.5 unaweza kulingana na safari nzima ya mlimani kwa nishati huku ukikosa hatua zote za kushuka. Kigezo cha kumruhusu mtu kwenda Upareni, awe mwanariadha au anayetoka katika matibabu ya goti, hakipaswi kuwa kilomita alizomaliza kwenye mashine. Kinapaswa kuwa mita ambazo amekwisha kushuka na namna miguu yake ilivyokuwa siku ya pili baada ya kushuka.